DOLA AU BODI: MLIPAJI NI MFANYAKAZI



Hapa Namboboto wako watu wasemao, "Shilingi imetuchosha. Tutumie dola, au turudishe Bodi ya zamani, ili bei ya fedha isitikisike." Mtu akisha kupunjwa na wabadilishaji fedha pale mpakani Malaba, maneno hayo humwingia. Sisi wa reli twasema: dawa hizo mbili si moja, na zote mbili mlipaji ni mfanyakazi.

Bodi twaijua. Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki iliundwa 1919, na shilingi 20 zake zilikuwa paundi 1. Shilingi mpya zilitolewa kwa paundi zilizolipwa London, nazo paundi hizo zikawekwa huko zizae riba. Shilingi ile moja ilinunua chumvi Malaba na Tororo pia, hilo hatukatai. Lakini usukani haukuwa wetu. Septemba 1949 Mwingereza alishusha paundi kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Shilingi yetu ililala senti 20 za Kiamerika, ikaamka senti 14, wala hatukuulizwa.

Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza benki kuu zao. Novemba 1967 paundi ilishushwa tena, hadi dola 2.40. Safari hii serikali zetu zilikataa kuifuata, na shilingi ikabaki senti 14. Huo ndio usukani tunaousema.

Dola yafunga zaidi. Kwa Bodi noti ni yako, na riba ya akiba ni ya Bodi yako. Kwa dola, kila noti sokoni hununuliwa kwanza kwa chai na jasho letu, na faida ya kuitoa hubaki Amerika. Zimbabwe ilishika dola 2009. Chenji ikakosekana, wanunuzi wakarudishiwa peremende.

Tena Bodi ina mlango wa kutokea. Argentina ilifunga fedha yake kwa dola mwaka 1991, ikatoka Januari 2002 kwa sababu peso yake ilikuwa bado ipo. Lakini tazameni kilichotangulia: Julai 2001 serikali ilikata asilimia 13 ya mishahara ya watumishi wake. Maana mazao yakikosa bei nje, na fedha imefungwa isishuke, kinachobaki kushuka ni mshahara au kazi yenyewe.

Mtu atasema shilingi ikishuka nayo hula mshahara. Ni kweli. Lakini hapo bei hupanda machoni petu, na chama chaweza kudai nyongeza mezani. Mshahara ukikatwa kwa ajili ya kulinda dola, tutaambiwa hakuna wa kudaiwa.

Basi ajaye kutuhubiria dola au Bodi na ajibu kwanza: riba ni ya nani, chenji itatoka wapi, na mlango wa kutokea uko wapi?