Tunauziwa mpunga kwa bei ya mchele: maneno juu ya pawabanki za sokoni

WAMAZA – Pawabanki iliyoandikwa 50000mAh, inayoenea katika kiganja na isiyofikia uzito wa simu mbili, ni uongo. Sisemi labda ni uongo. Nasema ni uongo, na si lazima kuifungua ili kujua. Muuzaji yeyote kati ya Kasongo na Kabambare atakayeona ninamharibia biashara aje na pawabanki yake, tuipime mbele ya watu.

Ndani ya pawabanki nyingi za bei ndogo mna betri za duara, kila moja ina urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 18. Betri nzuri kabisa ya namna hiyo inabeba kama mAh 3500, na uzito wake unakaribia gramu 47. Kufikisha 50000 unahitaji betri 15 za namna hiyo. Hizo peke yake zinapita gramu 700, kabla hujaweka kasha na vibao vya ndani. Basi ikamate mkononi. Kama ni nyepesi, umekwisha kumjua mwongo. Kama ni nzito usishangilie haraka, maana kuna watengenezaji waliokwisha kukamatwa wakijaza mchanga ndani ili mnunuzi aridhike. Wepesi unaonyesha uongo, lakini uzito hauonyeshi ukweli.

Kuna watu watasema: hilo ni jambo dogo, vita vinatufukuza na wewe unaandika juu ya chaja. Nawajibu hivi. Huku kwetu hakuna waya wa umeme unaopita. Simu inajazwa kwa sola ya mtu au kwa jenereta, kwa kulipa. Familia iliyokimbia ikaacha nyumba na shamba, mara nyingi simu ndiyo njia yake pekee ya kujua nani amefika wapi, barabara ipi imefungwa, na pesa ya ndugu imetumwa au bado. Mama akitoa pesa aliyoipata kwa kulima shamba la watu, akanunua namba isiyokuwamo ndani, ameibiwa. Mwizi wa kuku tunamfukuza kwa makelele, na huyu tunampa mkono.

Hata pawabanki isiyo ya uongo inahitaji kufahamiwa, kwa sababu namba kubwa ya juu ya kasha si namba utakayoipata. Watu wa Maniema wanajua mpunga. Ukipeleka gunia la mpunga mashineni hurudi na gunia la mchele. Maganda yanatoka, na mwenye mashine anachukua haki yake. Namba 10000mAh ni mpunga. Imehesabiwa katika betri ya ndani, ambayo nguvu yake ni volti 3.7. Lakini mlango wa USB unatoa volti 5. Kibao kidogo ndani kinapandisha volti kutoka 3.7 hadi 5, na volti zikipanda, mAh zinashuka. Zidisha 10000 kwa 3.7, unapata 37000. Gawanya kwa 5, unabaki na 7400. Kisha kibao chenyewe kinakula sehemu yake, na ndiyo sababu pawabanki inapata joto ikifanya kazi. Mkononi mwako zinafika kama 6000, au 6500 ikiwa imetengenezwa vizuri.

Kiwanda chenye adabu kinaandika namba hiyo ya pili kwa herufi ndogo, nyuma ya pawabanki au chini ya kasha. Tafuta maneno Rated Capacity. Kwa 10000 utaona imeandikwa 6000mAh au karibu yake, pamoja na 5V. Huo ndio mchele, nao ndio wa kununua. Pengine pameandikwa pia 37Wh, yaani wati-saa. Namba hiyo ni nzuri zaidi, kwa kuwa haibadiliki volti zikibadilika. Pale palipoandikwa 10000mAh lakini wati-saa ni 20, wati-saa ndizo za kusadiki: 20 gawanya kwa 3.7 ni kama mAh 5400, basi. Na pasipokuwa na maandishi madogo hata kidogo, muulize muuzaji kwa nini.

Tuchukue motari anayetoka Wamaza asubuhi kwenda Kasongo na kurudi kesho yake jioni. Simu yake ni ya kioo, betri yake 5000. Mtu amemwambia 10000 itajaza simu hiyo mara mbili. Haitajaza. Hata simu yenyewe inapoteza kidogo inapopokea moto, na kamba inapoteza. Pawabanki safi ya 10000 itamjazia mara moja na kama theluthi. Hiyo inamtosha kwa siku mbili kama hachezi video, basi hana haja ya 50000 ya uongo. Mama mwenye simu ndogo ya vibonyezo, ambayo betri yake ni kama 1000, ataijaza mara sita au zaidi kwa pawabanki hiyohiyo.

Sasa jinsi ya kupima, bila chombo. Jaza pawabanki mpaka taa zote zisimame. Chukua simu ya betri 5000 isiyo ya zamani sana, uizime au uiache bila kuitumia inapochajiwa. Iwe kwenye asilimia 20, uichaji hadi 80: hizo ni pointi 60, andika. Itumie hadi ishuke tena, tuseme 25, uichaji hadi 85: pointi 60 nyingine. Mara ya tatu ichomeke ikiwa 70. Ikifika 82 pawabanki imezima: pointi 12. Jumla 132. Hiyo ni 10000 ya kweli. Kati ya 120 na 140 sina ugomvi na mtu. Jumla ikiwa 40, ndani mna kama 3000 tu, hata kasha liseme nini. Na simu iliyochakaa inamsaidia muuzaji, si mnunuzi: betri yake inabeba kidogo, hivyo pointi zinaongezeka upesi. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kipimo hiki kinamwonea.

Kuna nyingine zenye kioo cha sola mgongoni, na hizo ndizo zinazopendwa zaidi na ndugu zetu wahami, kwa sababu muuzaji anasema jua ni la bure. Kioo cha ukubwa wa kiganja, mbele ya jua kali la saa sita, kinatoa kama wati moja. Kujaza wati-saa 37 kwa wati moja, ukiongeza na kinachopotea, ni zaidi ya saa arobaini za jua kali. Kwa siku yenye saa tano za jua zuri ni zaidi ya wiki nzima, na wewe hujatumia kitu. Tena betri ya lithiamu haipendi kuachwa juani. Joto linaizeesha na linaweza kuivimbisha. Sola ya kweli ni ile iliyo mbali na betri: kioo kikae juani, pawabanki ikae kivulini, kamba katikati.

Na hiyo kamba. Watu wanachagua pawabanki kwa saa nzima, kisha wanaokota kamba ya mwisho ya meza. Ndani ya kamba nyembamba mna nyuzi chache, na nyuzi chache zinazuia moto. Kamba ya mita moja yenye waya wa 28AWG, ukiivuta ampea 2, inakula kama volti 0.85: zinatoka 5, simu inafikiwa na 4.15. Simu inakataa, au inapunguza kasi, au inaandika inachaji huku asilimia haipandi. Yenye waya mnene wa 24AWG inakula kama volti 0.34 tu. Maandishi hayo mara nyingine yamepigwa juu ya kamba yenyewe; namba ndogo ndiyo waya mnene. Kama hakuna maandishi, chagua fupi na nene. Kama una sumaku ya spika iliyokufa, isogeze kwenye nyuzi za kamba mbovu uliyoikata: ikinasa, ulikuwa na chuma ndani, si shaba. Shaba hainasi.

Ichomeke, kisha baada ya dakika kumi shika vichwa vyake vyote viwili. Uvuguvugu si kitu. Ikichoma kidole, iondoe na usiirudie. Kamba iliyokatika, ikasokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, ni hatari hasa: waya mwekundu ukigusa mweusi, betri inamwaga moto wake wote mahali pamoja, na pawabanki ya ovyo haina kibao cha kuikatiza. Motari wengi wanachaji simu mfukoni, kamba imekunjwa kichwani, barabara inarusha. Kichwa kinalegea, kinagusa na kuacha, kinapata joto. Chaji ukiwa umesimama, au weka vyote katika mfuko mgumu pasipo kubanwa.

Pawabanki iliyovimba, hata kama bado inatoa moto, imekwisha. Usiitoboe, usiibane, usiilaze karibu na godoro. Na katika nyumba za turubai, ambamo watoto wanalala wamebanana, isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala. Turubai linashika moto haraka kuliko mtu anavyoamka.

Najua jibu la wauzaji: sisi hatutengenezi, tunanunua vikiwa vimefungwa Bukavu au Uvira, tunaleta kwa gharama, barabara mnaiona. Ni kweli, gharama wanaibeba. Lakini anayeleta mafuta ya mawese ndani ya bido lenye maji nusu, hatumwachi kwa kuwa hakulijaza mwenyewe. Wengine wananiambia maskini hana chaguo. Analo: 5000 ya kweli inamsaidia mama huyu kuliko 50000 ya uongo, na ni nyepesi kubeba siku ya kukimbia.

Ninachodai ni mambo mawili. Wenye nyumba za kuchajisha simu wanunue kile kipimo kidogo cha USB, kinachochomekwa kati ya pawabanki na kamba na kuonyesha wati-saa zilizotoka. Mtu alete pawabanki yake mpya, aiache ichaji simu za wateja mpaka izime, namba isomwe hadharani. Kwa 10000 kipimo kisome kama wati-saa 30. Na muuzaji akubali kwa maandishi, kwenye kipande cha karatasi chenye tarehe na jina lake, kuipokea tena ndani ya siku saba ikisoma chini ya 25. Asiyetaka kuandika karatasi hiyo, mwachie pawabanki yake mezani.