Nafasi Tupu Iachwe Kwenye Mshale

Aghalabu mwanafunzi wa fiziolojia hupewa mchoro wa mrejesho hasi wenye nafasi tupu, akatakiwa aujaze kwa kumbukumbu. Kwa desturi nafasi hizo huachwa visandukuni, mahali pa majina ya tezi na homoni. Makala hii inashikilia kwamba nafasi zenye manufaa zaidi ni zile za mishale: mshale watoka wapi, waelekea wapi, na wabeba alama ya kujumlisha au ya kutoa.

Tuchukue mfano wa dundumio, tezi iliyo shingoni. Hipothalamasi, iliyo ubongoni, huchochea tezi ya pituitari. Pituitari nayo hutoa homoni inayochochea dundumio, na dundumio hutoa thairoksini. Mishale hiyo yote ina alama ya kujumlisha. Hatimaye thairoksini hurudi kuzizuia pituitari na hipothalamasi. Hapo ndipo penye alama ya kutoa.

Aliyekariri majina atajaza visanduku pasi na kosa. Muulize sasa: mtu akikosa iodini chakulani, mbona tezi yake hufura ikawa rovu ilhali thairoksini imepungua? Majina hayatamjibu; mishale itamjibu. Thairoksini haiundwi bila iodini. Ikipungua, kizuizi cha pituitari hulegea, nayo pituitari huzidisha homoni yake. Tezi husukumwa bila kupumzika, seli zake huongezeka, na shingo huvimba. Ndiyo maana kipimo cha damu chaweza kuonyesha homoni ya pituitari ikiwa juu na thairoksini ikiwa chini.

Neno lenyewe pia hupotosha. Katika mazungumzo ya kila siku, hasi ni baya au pungufu. Katika fiziolojia, mrejesho hasi ni ule unaopinga badiliko, liwe la kupanda au la kushuka. Anayedhani kwamba hasi ni kupunguza tu hataelewa kwa nini pituitari ilizidisha homoni yake.

Mishale ina faida nyingine: mwanafunzi aweza kujisahihisha. Na azidishe alama za mzunguko mmoja kamili. Kuanzia hipothalamasi, kujumlisha mara kujumlisha mara kutoa ni kutoa. Akipata kujumlisha, ajue kwamba amekosea alama, kwani mzunguko wa namna hiyo ungekuza kila badiliko badala ya kulirudisha.

Yawezekana kudai kwamba hata alama hukaririwa. Ni kweli. Kwa hiyo mchoro uliojazwa ufuatwe na swali: mshale huu ukikatwa, kipi kitapanda na kipi kitashuka? Majina hayana budi kujulikana, lakini yatoshe kwa jaribio la kwanza. Katika la pili, mhadhiri ayaandike mwenyewe, atuachie mishale.