Hatuwezi wote kuwa na miaka 30

Vijana wenzangu wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Lubunga na kwingine, tunasikia kila mara kwamba hesabu ya watu, ile tunaita resansema, iko karibu kuja. Ya mwisho katika inchi yetu ilifanyika Julai 1984. Maana yake, yeyote aliyezaliwa kisha pale hajahesabiwa na Leta hata siku moja. Watu wanapigania namba kubwa, kujua tuko milioni ngapi. Mimi nataka tuongee juu ya namba ndogo, ile karani anaandika pembeni ya jina lako: miaka.

Nenda Bafwasende, karibu kilometa 260 kutoka hapa mjini kwa barabara ya Ituri. Uliza mzee wa kijiji ana miaka ngapi. Atakuambia "makumi tano", ama "makumi sita". Hatakuambia 53, na hatakuambia 58. Hakudanganyi. Hakuna mtu aliandika siku yake, na swali lenyewe halina maana kubwa kwake. Anajua nani ni mkubwa wake na nani mdogo wake, na hiyo imemtosha kwa kuoa, kuzika na kugawa mashamba. Namba ya miaka ni kitu cha ofisi. Kwa hiyo anatoa namba ya mviringo. Akikosa kabisa, karani anamwangalia uso, anahesabu mvi, anaandika 60, anapita nyumba nyingine. Jua linachoma na kartie bado ni kubwa.

Watu wa takwimu wanajua kupima hii mambo, na kipimo si kigumu. Kinaitwa fahirisi ya Whipple. Unachukua watu wote wa miaka 23 mpaka 62. Humo kuna miaka 40, na minane tu inamalizika na 0 ama 5: 25, 30, 35, mpaka 60. Nane katika makumi ine ni moja ya tano. Kama kila mtu anajua miaka yake, watu wa namba za mviringo watakuwa karibu moja ya tano ya wote.

Tuseme kijiji kina watu 400 wa umri huo. Tungengojea kupata kama 80 kwenye namba za mviringo. Lakini daftari inaonyesha 200. Unazidisha 200 mara 5, unagawanya kwa 400, unazidisha mara 100: unapata 250. Umoja wa Mataifa unasema mpaka 105 ni kazi safi sana, na kupita 175 ni mbaya sana. 100 ni ukweli, 500 ni pale wote bila kubakiza wamesema 0 ama 5. Hicho kijiji chetu cha mfano kiko 250. Ukichora watu wake mwaka kwa mwaka, utaona nguzo ndefu kwa 30, na shimo kwa 29 na 31. Kama ingekuwa ni watoto wengi kweli walizaliwa wakati ule, nguzo ingepanda pole pole na kushuka pole pole. Shimo pande zote mbili linakuonyesha kwamba watu wametolewa kwa jirani.

Mtu atasema: haidhuru, tuwapange kwa makundi ya miaka mitano, kosa litapotea. Halipotei lote. Mtu wa 28 na wa 29 wakiandikwa 30, wametoka kundi la 25–29 na kuingia lile la 30–34. Kwa watoto ni vibaya zaidi. Shule ya msingi inaanza na miaka 6. Mtoto wa 6 ama 7 akiandikwa 5, kwenye karatasi ya Kinshasa hahitaji darasa. Na mkubwa wa 13 akiandikwa 10, anahesabiwa bado kwenye msingi wakati anatafuta sekondari.

Tena, Whipple haioni kila kitu. Kama kijiji kizima kinajiongezea miaka miwili, fahirisi inabaki 100 na kila mtu anapiga makofi. Haioni pia mchezo wa mpaka wa 18. Wakati wa kuandikisha wapiga kura, mtoto anakuwa mkubwa ghafla, sababu karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu: bila hiyo unasumbuliwa kila baryeri. Mwaka 2018 CENI yenyewe ilisema imefuta watoto zaidi ya laki tisa kwenye daftari. Kisha kuna binti mwenye mtoto mgongoni. Karani hamulizi, anaandika 20, sababu "ni mama". Labda ana 16. Hapo kosa limemfuta msichana wa 16 ambaye sheria ya 2009 ingemlinda.

Sasa, dawa ipo, na ni ya zamani: kalenda ya matukio. Karani haulizi "miaka ngapi" peke yake, anauliza maisha. Tuchukue mfano. Mama anasema ana "makumi tano". Karani anamuuliza: Mama, wakati wa Simba ulikuwa umezaliwa? Anacheka: "Tulikimbia pori, mimi nilibeba mdogo wangu mgongoni." Simba ni 1964. Mtoto anayeweza kubeba mwingine mgongoni na kukimbia ana miaka 7 ama 8 angalau. Basi alizaliwa 1957 ama mbele kidogo. Karani anapima tena: mtoto wa kwanza ulimzaa lini? "Mwaka ule Ali alikuja kupigana Kinshasa." Hiyo ni 1974. Angekuwa na kama miaka 17, inaingia. Mwaka 2025 huyu mama alikuwa na karibu 68. Lile jibu la kwanza lilimpunguzia miaka 18, na kwa maswali mawili tu tumemrudisha mahali pake.

Wachina wengi hawana hili tatizo hata wale wazee wasiosoma, sababu kila mtu anajua mnyama wa mwaka wake, na wanyama ni 12. Sisi hatuna wanyama wa miaka. Tuko na Simba, tuko na Papa kufika Kisangani mwaka 1980, tuko na AFDL Machi 1997, na ile vita ya siku sita Juni 2000.

Lakini kalenda ya Kisangani haitoshi Bafwasende. Mabomu ya siku sita yalianguka hapa mjini. Kule watu wanakumbuka askari wa Uganda walivyoingia na kutoka, daraja lilivyovunjika, shefu fulani alivyokufa. Kalenda lazima iandikwe kwa kila sekteri, na wazee wa pale, mbele ya makarani kufundishwa. Kalenda moja ya kopi kutoka Kinshasa itazaa namba za mviringo tena.

Na kwa watoto wa leo, sheria inasema mzazi anaandikisha mtoto kwa siku 90. Ukipita, unaenda tribinali kutafuta hukumu. Mtu wa ndani ya pori la Bafwasende atapita siku 90 akiwa bado anatafuta pesa ya pikipiki. Utafiti wa afya wa 2013–14 ulikuta mtoto mmoja tu kati ya wanne chini ya miaka mitano ameandikwa. Hao watatu wengine sasa wana miaka kumi na kitu, na resansema ikifika, karani atawaangalia uso.

Tunachoomba kwa wale wanaoandaa hesabu: siku mbili nzima za mafunzo juu ya kuuliza miaka tu, kalenda ya kila sekteri, na fahirisi ya kila timu ipigwe kila jioni, si kisha miaka mitatu. Timu ikitoka na 250, kesho irudi kwenye nyumba zilezile. Sisi wenye diploma tunaokaa nyumbani tunaweza kuanza hiyo kalenda hata wiki hii. Inahitaji daftari, kalamu, na mzee mmoja mwenye subira kwa kila kijiji.