Mwalimu, usisahihishe jina la mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nikiri kosa langu, ili walimu wenzangu wasilirudie.

Hapa kwetu Tabora jina moja lenye asili ya Kiarabu huandikwa Ramadhani, Ramadhan, Ramadan na Ramazani. Wengi hudhani moja tu ndilo sahihi na mengine ni makosa ya makarani. Sivyo. Kwa Kiarabu jina hili lina herufi iitwayo dhad, ambayo haina mwenzake katika herufi za Kirumi. Kiswahili sanifu huiandika dh, na mwishoni huongeza i, kwa kuwa maneno yetu hupenda kuishia na irabu. Wanaofuata Kiarabu huiacha hiyo i. Wanaofuata maandishi ya Kiingereza huandika d.

Na z je? Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Jina lilisafiri kwa midomo ya watu, na lugha nyingi za njiani hazina sauti ya dh. Wenyeji wakatamka z, na hadi leo huko Kongo Ramazani ni jina la kawaida. Wajukuu wa Wamanyema walioko Tabora na Ujiji wamelirithi hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilisema Ramazani. Mimi, kwa kujivunia Kiswahili cha chuoni, nikaandika Ramadhani katika rejista. Rejista ndiyo iliyotoa jina lililopelekwa Baraza la Mitihani, na jina hilo likamfuata hadi cheti cha kidato cha nne. Alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, vyeti vyake vilionyesha watu wawili. Ikabidi aape mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni yake. Baba yake aliuza mbuzi kulipia safari na kiapo. Na kiapo hicho hakibadili cheti, hueleza tu tofauti. Kwa hiyo kijana atatembea nacho kila aendako.

Ushauri wangu ni huu. Tusiulize tahajia ipi ni sahihi, tuulize cheti cha kuzaliwa kinasemaje, kisha tunakili herufi kwa herufi. Jina la baba nalo lilinganishwe na kitambulisho chake, maana mara nyingi tofauti hujificha katika jina la pili. Kama cheti chenyewe kina kosa, mzazi akirekebishe kabla majina ya darasa la saba hayajapelekwa. Asiye na cheti akitafute mapema, na familia ichague tahajia inayotumiwa na baba.

Sanifu ni ya insha. Jina ni mali ya mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Urambo, Tabora.