Maji Yasitangulie

Dirisha la aluminiamu la kusukuma likianza kukwama, ushauri unaosikika Nyansurura, na kwingi Serengeti na Tarime, ni kulimwagia maji. Likiendelea kugoma, tia mafuta kwenye reli. Kwa maoni yangu ushauri huo huharibu madirisha kuliko vumbi lenyewe.

Tazama kilichomo ndani ya mfereji. Kiangazi huleta vumbi na mchanga wa barabarani. Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi hutoka jioni wakifuata taa, hupukutisha mbawa dirishani na wengine hufia humo humo. Ukimwaga maji juu ya mchanganyiko huo, vumbi linageuka tope, na mbawa zilizolowa zinaganda kwenye matundu madogo ya fremu upande wa nje. Matundu hayo ndiyo njia ya maji ya mvua kutoka. Yakiziba, mvua ya upepo hujaza mfereji na kumwagikia ndani, kisha doa la unyevu chini ya dirisha linasingiziwa plasta mbovu.

Mafuta nayo hulainisha kwa siku chache tu. Baadaye hunasa mchanga, na ule mchanga wenye mafuta husaga magurudumu madogo yaliyo chini ya kioo. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, maana huganda yakawa ulimbo.

Anza pakavu. Sukuma vioo vyote upande mmoja, pitisha brashi ya rangi ya inchi moja kwenye mfereji ulio wazi, halafu mswaki mkuukuu pembeni, ambako ndiko uchafu unakojikusanya. Pampu ya baiskeli hupuliza mbawa zilizojificha chini ya reli vizuri kuliko kitambaa. Zoa kila kitu, kisha rudia upande wa pili. Sasa ndipo kitambaa chenye maji ya sabuni kinafaa, kikiwa kimekamuliwa. Msumari usiutumie, unakwangua rangi ya fremu. Tundu lizibue kwa njiti.

Mwisho mimina nusu kikombe cha maji kwenye mfereji, uende nje ukaangalie. Yakitoka ukutani nje, kazi imekwisha. Yakituama ilhali umezibua, huenda fundi alifunika matundu kwa plasta au silikoni, au hakuyatoboa kabisa, na hapo brashi haisaidii. Aitwe fundi wa aluminiamu.

Mlango wa kusukuma unasafishwa vivyo hivyo, ila mara nyingi zaidi, kwa kuwa viatu huingiza kokoto kwenye mfereji wake. Na kama reli ni safi, kavu, na bado kioo kinakwaruza mahali pote, inua ukingo wake kidogo huku ukisukuma. Kikiteleza kwa wepesi, gurudumu limekwisha. Linabadilishwa lenyewe, dirisha zima halihitaji kung'olewa.