Mauzo yapanda ghafla, fedha zazuiwa: hati zipi zitazitoa?

Mfano ni huu. Duka la taa za sola la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huuza kwa kadi taa za shilingi milioni tatu hivi kwa wiki. Umeme unakatika mfululizo, duka linatoa tangazo, na kwa siku mbili zinauzwa taa 140 za shilingi 150,000 kila moja, yaani shilingi milioni 21. Jumatatu hakuna kilichoingia benki. Kampuni inayolipokelea duka malipo ya kadi imezuia fedha zote kwa uhakiki.

Wenye maduka wengi huuita huo wizi, lakini kampuni ina sababu. Mwenye kadi asiyepata mzigo anaweza kudai fedha zake kupitia benki yake, kwa kawaida hadi siku 120. Duka likiwa limeshachukua fedha na kufunga milango, kampuni ndiyo inayobeba hasara. Hivyo inataka kujua kama taa 140 zilikuwapo kweli, na kama zimewafikia walionunua.

Barua kali haijibu swali hilo. Leseni na namba ya mlipakodi nazo hazitoshi, kwani kwa kawaida huwasilishwa tangu siku ya kufungua akaunti. Kinachotakiwa ni ankara ya muuzaji wa jumla, tuseme ya taa 150, yenye tarehe iliyotangulia mauzo, pamoja na ushahidi kwamba ililipwa. Kisha iambatanishwe orodha ya oda zote, kila oda na namba ya muamala, risiti ya EFD na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa. Kwa wateja wa mikoani, stakabadhi ya kifurushi kutoka kampuni ya basi inafaa. Nakala ya tangazo nayo iwemo, ili ieleze ongezeko lenyewe.

Wengi hukwama kwenye majina. Ankara imeandikwa jina la mwenye duka, akaunti ina jina la biashara, na mhakiki aliye mbali hawezi kubahatisha. Hati za usajili wa jina la biashara kutoka BRELA, zinazoonyesha mmiliki, huunganisha majina hayo mawili. Anayetengeneza ankara mpya na kuirudisha tarehe nyuma anajitafutia kufungiwa akaunti.

Kama taa 95 zimekwisha kufika, mwenye duka aombe shilingi 14,250,000 ziachiwe sasa, na 6,750,000 zisubiri hati za taa 45 zilizobaki. Ombi hilo lina uzito kuliko kudai zote kwa mkupuo. Mteja aliyechoka kusubiri arudishiwe fedha mapema, kabla hajakimbilia benki yake.

Kampuni nayo isijifiche nyuma ya neno "uhakiki". Mwenye duka ana haki ya kuuliza kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba kimetumika, kiasi gani kimezuiwa na hadi tarehe ipi, na aendelee kuuliza hadi ajibiwe kwa maandishi.