Weka rekodi ya nani anajua nini

Chatboti ikifungua mazungumzo mapya, kwa kawaida haina riwaya yako mbele yake. Hata yenye kumbukumbu mara nyingi huhifadhi vidokezo tu, na pengo inaweza kulijaza kwa kubuni bila kusita.

Riwaya yangu inatokea katika mitaa ya Jericho na Buruburu, 1982 hadi 1998. Kwa hiyo nina faili moja ya kurasa mbili ninayoibandika mwanzo wa kila kikao. Humo siandiki kwamba mhusika wangu Achieng ana miaka 19. Naandika amezaliwa 1970, ili umri wake usonge pamoja na hadithi. Muhimu zaidi ni nani anajua nini, tangu sura ipi. Achieng anagundua katika sura ya 7 kwamba kakake aliwaachia watu wengine nyumba yao ya kanjo kwa siri. Bila mstari huo, nikiiandika upya sura ya 5, chatboti humfanya amlaumu mapema, na fumbo lote linavuja.

Kikao kikiisha, naiomba chatboti orodha ya mambo mapya, kisha nayalinganisha na sura yenyewe kabla ya kuyaingiza kwenye faili, maana hata muhtasari huweza kubuniwa.